Friji namba 2: shajara ya mradi wa kufuatilia joto maabarani

4 Machi

Vinasa joto vimefika na leo tumeanza kuvifunga. Maabara yetu iko Mombasa, upande wa Tudor, ghorofa ya chini. Tuna friji ya sampuli, friji ya vitendanishi, yaani kemikali tunazopimia, ambayo ndiyo namba 2, friji ndogo ya chumba cha damu, na friza moja. Mpaka jana kumbukumbu za joto zilikuwa karatasi iliyobandikwa mlangoni: saa mbili asubuhi mtu anasoma kipimajoto, anaandika, anatia sahihi, na saa kumi jioni vivyo hivyo. Nimezipitia karatasi za friji namba 2 za miezi iliyopita. Karibu kila kisanduku kina 4, 5 au 6. Zinapendeza macho, lakini kati ya saa kumi jioni na saa mbili asubuhi kuna saa kumi na sita ambazo karatasi haina habari nazo. Stima ikikatika usiku na kurudi alfajiri, asubuhi mtu anakuta 5 na anaandika 5, na hajasema uongo.

Kila kinasa kinaandika joto kila baada ya dakika kumi. Ncha ya waya wake tumeitumbukiza ndani ya kichupa cha glikoli, hatukuiacha ikining'inia hewani. Hewa ya ndani ya friji hupanda nyuzi kadhaa kila mlango unapofunguliwa, kisha hushuka mara mlango ukifungwa, na chupa ya kitendanishi iliyo kwenye rafu haijahisi lolote. Ukipima hewa utapigiwa kengele mchana kutwa hadi watu waizoee na wasiijali tena. Kichupa cha glikoli hupata joto polepole kama chupa yenyewe, kwa hiyo kinachosomwa kinakaribia joto la kile tunachokitunza.

Mambo mawili ya mpangilio nayaandika hapa yasije yakasahaulika. Kwanza, saa za vinasa zilikuja zikiwa UTC, yaani saa tatu nyuma yetu, tumezibadilisha zote. Pia tumekubaliana kwamba karatasi na ripoti zitatumia saa za kompyuta, 08:00 na 16:00, kwa sababu kwenye karatasi za zamani mmoja ameandika "2:00" akimaanisha asubuhi na mwingine "8:00" kwa wakati huohuo, na mkaguzi hawezi kujua.

Pili, kengele. Vinasa hivi vimetengenezwa kwa ajili ya chanjo na vimekuja na mipaka inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa vinasa vya siku 30: kengele hulia joto likipita nyuzi 8 kwa saa kumi mfululizo, au likishuka hadi nyuzi -0.5 kwa dakika sitini. Mipaka hiyo ina mantiki kwa chanjo, ambazo uvumilivu wake kwa joto umechunguzwa sana. Kwa vitendanishi vyetu saa kumi ni muda mrefu mno. Tutaibadilisha, ila msimamizi anataka kwanza tuhakikishe usahihi wa vinasa wenyewe, na nakubaliana naye.

9 Machi

Jaribio la barafu. Tumesaga barafu ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, tukaijaza kwenye chupa ya thamosi, tukaongeza maji baridi kidogo hadi ikawa uji mzito, tukaingiza ncha za vinasa katikati bila kugusa ukuta wala kitako cha chupa. Barafu inayoyeyuka kwenye maji yake haina ubishi: ni nyuzi 0. Baada ya robo saa vinasa vya friji nyingine vilionyesha kati ya -0.1 na 0.2. Cha friji namba 2 kilisimama kwenye 0.6.

Barafu inathibitisha sehemu moja tu ya kipimo. Kwa hiyo tukalinganisha tena kwenye maji ya nyuzi 8 na ya nyuzi 15, kwa kutumia kipimajoto cha rejea chenye cheti cha kalibresheni. Tofauti ikabaki ileile, 0.5 hadi 0.6 juu. Tumebandika lebo kwenye kinasa: *toa 0.6*. Kuanzia leo kila namba ya friji namba 2 ninayoandika hapa nitasema kama imeshatolewa au bado.

Mwenzangu alifurahi. "Afadhali, kaka, friji ni baridi kuliko tunavyosoma." Upande wa juu, kweli. Upande wa chini ni kinyume: kinasa kikisoma 0.3 friji ina -0.3, na hapo kitendanishi kilicho majimaji kimeshafika karibu na kuganda.

16 Machi, Jumatatu

Leo mchana nimepakua kumbukumbu za wiki nzima. Friji namba 2 ilipanda usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili.

Stima ilikatika Jumamosi saa 21:50. Jenereta iliwaka, taa zikarudi, mashine zikarudi, lakini mstari wa friji namba 2 unaendelea kupanda taratibu. Ulivuka 8 saa 23:50. Ulifika kilele cha 13.8 karibu na saa 04:55, dakika ishirini baada ya stima kurudi, na ukarudi chini ya 8 saa 06:50. Hizo ni namba ghafi. Ukitoa 0.6, kilele ni 13.2 na muda wa juu ya 8 ni takriban saa sita na nusu. Kengele haikulia, na kwa mpangilio wa saa kumi isingelia kabisa.

Karatasi ya Jumapili saa tatu asubuhi inasema 5. Aliyekuwa zamu aliandika alichokiona.

Tulichofanya mara moja, kwa mpangilio tulioufuata: kila kitu kilichokuwa ndani ya friji namba 2 usiku ule tumekihamishia rafu moja ya friji ya sampuli, ambayo kumbukumbu zake ni safi, tukakifunga kwa utepe na kubandika karatasi *USITUMIE, KINASUBIRI UAMUZI*. Hatukutupa kitu. Hatukuacha kitu mezani pia, kwa sababu boksi lililokwisha pata joto likikaa tena kwenye chumba cha nyuzi 31 huku watu wakijadiliana, saa zake zinajumlishwa. Joto la kitendanishi ni deni, kila tukio linaongezwa juu ya lililotangulia. Ndiyo maana tumeandika tarehe, kilele na muda kwenye kila boksi lenyewe, si kwenye daftari pekee.

Vipimo vinavyotegemea maboksi hayo vimesimama. Kwa vipimo visivyoweza kungoja tumefungua akiba ya loti ileile iliyokuwa friji ya chumba cha damu. Vilivyobaki tumewaarifu madaktari wodini kwamba vitachelewa.

17 Machi

Siku ya kupambanua. Jambo la kwanza lililojitokeza ni kwamba friji ndiyo iliyovuka mpaka, si kila kilichokuwemo. Vipimo vya haraka vya malaria na vya virusi vya ukimwi tulivyokuwa tumevipanga humo lebo zake zinaruhusu nyuzi 2 hadi 30. Kwa vyenyewe hakuna kilichotokea. Tumevirudisha kazini saa hiyohiyo, na tumeviondoa frijini moja kwa moja, kwa kuwa vinakula nafasi na kuzuia hewa isizunguke. Hewa isipozunguka, vingine ndivyo vinavyoumia.

Baada ya hapo tulibaki na makundi manne: vitendanishi vya kemia vya ini na figo, kitendanishi cha lateksi cha kupima CRP ambayo ni protini inayopanda kwenye damu mtu akiwa na maambukizi, antisera za kundi la damu, na kontroli za kemia zilizokwisha kuchanganywa na maji.

Kontroli hatukuzijadili sana. Kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake tunalijua tayari, ndiyo mizani yetu. Ikiwa yenyewe ilikaa nyuzi 13 pamoja na kitendanishi, kisha ukaitumia kumhukumu kitendanishi, matokeo mazuri hayathibitishi kitu: huenda vyote viwili viko sawa, huenda vyote vimehama upande mmoja. Zile zilizochanganywa tumezitupa na kuandika sababu. Kwa bahati kulikuwa na kichupa cha loti hiyo kisichofunguliwa kwenye friji ya chumba cha damu, nacho ndicho kitakachotumika. Agizo limetoka leo: kontroli na vitendanishi havitalala friji moja tena.

Msambazaji tumemwandikia barua pepe. Hatukuuliza "je, bado ni vizuri?" kwa sababu jibu la swali hilo huwa "fuata lebo." Tumempa jina la kitendanishi, namba ya loti, kama chupa imefunguliwa au la, kilele cha 13.2, muda wa saa sita na nusu, tukaambatanisha grafu, tukaomba data ya uthabiti ya mtengenezaji kwa hali hiyo hasa, kwa maandishi. Ya simu hayakubaliki. Mkaguzi wa ISO 15189, kiwango cha ubora cha maabara za tiba, haulizi uliambiwa nini kwenye simu.

Mwenzetu mmoja alipendekeza tupige hesabu ya wastani wa joto wa kinetiki, ule unaotumika kwenye maghala ya dawa, ambao huyapa masaa ya joto uzito zaidi. Tuliipiga. Mwezi mzima kwenye nyuzi 5, ukiingiza saa sita na nusu za karibu nyuzi 11, unatoa 5.1. Ni namba sahihi na haitusaidii. Inazamisha usiku mmoja ndani ya siku thelathini. Pia haioni kabisa madhara ya kuganda, maana kwake baridi ni nafuu siku zote. Tumeiacha.

18 Machi

Sampuli. Friji ya sampuli yenyewe haikuguswa na tukio, lakini kwenye rafu ya chini ya namba 2 kulikuwa na raki iliyohifadhiwa kwa muda Jumamosi jioni, baada ya friji ya sampuli kujaa.

Seramu zilizokwisha kutenganishwa na seli, zilizokuwa zikisubiri kipimo cha homa ya ini B, tumezikubali, kwa maandishi ya kwamba zilifika 13.2. Mirija ambayo damu haikutenganishwa ni habari nyingine. Seli zilizo hai ndani ya mrija huendelea kula glukosi, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la chumba, polepole zaidi kwenye baridi. Potasiamu nayo huvuja kutoka ndani ya seli damu inapokaa, na baridi huzidisha kuvuja huko kwa sababu pampu ya seli inazimika. Kwa hiyo mirija hiyo isingefaa kwa glukosi wala potasiamu hata kama friji ingekaa nyuzi 4 usiku kucha. Tumeziandikia fomu za kuomba damu upya, na tumepiga simu wodini wenyewe badala ya kuacha karatasi ikazurura.

20 Machi

Jibu la msambazaji limekuja. Kwa kitendanishi cha kipimo cha ini cha ALT na kile cha kreatinini ametuma data ya mtengenezaji inayoonyesha vinastahimili joto kubwa zaidi ya letu kwa muda mrefu zaidi, vikiwa vimefungwa. Antisera pia. Kwa chupa zilizofunguliwa na kwa lateksi, hakuna data.

Chupa zilizofunguliwa basi tumezipima sisi. Njia ni rahisi ukiwa na loti ileile ambayo haikuguswa: chukua sampuli za wagonjwa, pima kila moja kwa chupa iliyopata joto na kwa chupa safi, siku moja, mashine moja. Lazima iwe loti ileile, la sivyo utakuwa unapima tofauti ya loti na kuiita madhara ya joto. Na sampuli zisiwe zote za watu wazima wenye afya. Kitendanishi kinachodhoofika mara nyingi hushindwa juu kwanza, pale ambapo kazi ni kubwa, huku kikiendelea kutoa majibu mazuri chini.

ALT, chupa safi kwanza, kisha iliyopata joto: 23 na 22, 42 na 41, 67 na 68, 138 na 140, 306 na 310. Hakuna mwelekeo wa kushuka kadiri namba zinavyopanda, na tofauti zote ziko ndani ya zile tunazopata tukirudia kipimo kimoja mara mbili. Kreatinini vivyo hivyo, pamoja na sampuli moja tuliyoichagua makusudi karibu na kiwango ambacho daktari hubadilisha dozi. Kontroli kutoka kile kichupa salama ziliingia ndani. Chupa zimeruhusiwa, na tumezipa tarehe ya mwisho fupi kuliko ile ya lebo.

Antisera tumezijaribu kwa seli za kundi linalojulikana, zenye antijeni na zisizo nayo. Zimeshikana haraka na kwa nguvu pale zilipopaswa, zikakaa kimya pale zisipopaswa.

Ilipofika zamu ya lateksi mambo yakabadilika. Tone la kitendanishi na tone la maji ya chumvi kwenye slaidi nyeusi, zungusha dakika mbili. Hapo hakuna CRP kabisa, kwa hiyo mchanganyiko, mweupe kama maziwa, unapaswa kubaki laini. Ulifanya chembe. Chembe ndogondogo, lakini ukiinamisha slaidi chini ya taa zinaonekana wazi. Tukachukua chupa nyingine ya boksi lilelile, iliyokuwa ikitumika: laini. Ya tatu: chembe.

21 Machi

Sikuridhika na maelezo ya kwamba joto limeiharibu lateksi. Saa chache za nyuzi 13 hazifanyi lateksi ishikane yenyewe. Kitendanishi hiki kila siku hukaa mezani kwenye joto la chumba kabla ya kutumika, lebo yenyewe inaagiza hivyo. Kinachoishikanisha ni kuganda. Barafu ikijijenga inazisukuma punje za lateksi pamoja, zinagusana, na ikiyeyuka hazitengani tena. Na kwa nini chupa mbili kati ya tatu? Zote ndani ya friji zilipata joto sawa usiku ule.

Niliuliza boksi lilikuwa limekaa wapi. Rafu ya juu, limeegemea ukuta wa nyuma.

Kabla ya kuendelea na hilo ilibidi tushughulikie la wagonjwa. Lateksi inayoshikana yenyewe hutoa majibu ya uongo ya "ina CRP." Mashine ya kemia inatunza orodha yake, CRP ya slaidi iko kwenye rejista ya mkono, kwa hiyo tumeipitia ukurasa kwa ukurasa kurudi nyuma hadi siku ya mwisho ambayo kontroli hasi ilisomwa laini kwa chupa ile. Kila kipimo cha slaidi huambatana na kontroli hasi, na hapa rejista ilitusaidia: kontroli hasi zilikuwa safi hadi Ijumaa, na chupa iliyokuwa ikitumika ilikuwa ile laini. Hizo mbili zenye chembe zilikuwa bado hazijafunguliwa. Majibu yaliyotoka yamesimama. Kwa ALT na kreatinini za Jumapili na Jumatatu, ulinganisho wa jana ndio uliotupa haki ya kuyaacha. Msimamizi ametia sahihi orodha ya wagonjwa wote waliohusika, hata wale ambao jibu lao halikubadilika.

25 Machi

Fundi wa friji amekuja. Mzee ametengeneza friji tangu zile za mafuta ya taa. Alisikiliza kompresa, akapitisha noti kwenye raba ya mlango kuona kama inabana, akapiga tochi nyuma kwenye mabomba yaliyoshika vumbi na chumvi ya bahari. Kisha akaifuata waya mpaka kwenye soketi.

"Mwanangu, friji hii haina ugonjwa," akasema. "Ugonjwa uko ukutani."

Soketi ile haiko kwenye laini ya jenereta. Zamani ilikuwa ya feni. Friji iliposogezwa ili kupisha mashine mpya, ilichomekwa kwenye soketi iliyokuwa karibu. Laini imebadilishwa leo, soketi zote za jenereta zimepakwa rangi nyekundu, na tumeijaribu kwa kuzima swichi kuu mchana tukiwa wote tumesimama pale. Jenereta ilishika, kompresa ikangoja dakika chache za kifaa cha kulinda volteji, ikawaka.

Mzee alituonyesha pia kibandiko cha nyuma cha friji: daraja N. Maana yake imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32. Chumba chetu alasiri za kaskazi, kiyoyozi kikizimwa, hupita hapo. Daraja T hufika 43. Hili limeingia kwenye ombi la bajeti.

2 hadi 11 Aprili

Ramani ya joto. Tumeazima vinasa kutoka friji nyingine, vyote vilivyopita kwenye barafu, tukavisambaza tisa: pembe na katikati ya rafu ya juu, ya kati na ya chini, friji ikiwa imejaa kama kawaida. Tumeviacha wiki nzima pamoja na usiku na wikendi.

Katikati ya friji, mahali ambapo kichupa chetu cha glikoli hukaa, joto halikutoka kati ya 3.1 na 6.4. Rafu ya juu, nyuma, kando ya bamba la baridi, lilikuwa likishuka chini ya sifuri karibu kila usiku. Chini kabisa lilifika -1.8, na lilikaa chini ya 0 karibu saa nzima kabla kompresa haijapumzika. Mchana mlango unafunguliwa na kufungwa, hewa vuguvugu inaingia, kona ile inapona. Usiku hakuna wa kuifungua.

Basi hapo ndipo lateksi ilipogandia. Kinasa cha katikati kisingeiona kamwe, na usiku wa stima haukuhusika nayo. Kama tusingevuka nyuzi 8 mwezi wa Machi, tusingeichunguza lateksi.

Tumefunga wavu wa plastiki unaoacha nafasi ya kama sentimita saba kutoka ukuta wa nyuma. Kinasa cha pili sasa kinakaa kona ile daima. Maboksi mazito yanayostahimili baridi yamepelekwa juu. Lateksi, antisera na kila kilichoandikwa *kisigande* kiko rafu ya kati, mbele.

6 Mei

Mvua za masika zimeanza kwa nguvu, na kinasa cha kona kimelia usiku: -0.7, hata na wavu. Nilijua mahali pa kutazama. Kitasa cha baridi ndani ya friji kiko kwenye 6. Kilipandishwa wakati wa joto la kaskazi, ili friji iweze kushindana na chumba cha nyuzi 33. Sasa chumba kina nyuzi 26, mvua, upepo wa kusi unaingia dirishani, na kompresa inaendelea kusukuma kana kwamba ni Februari. Friji za namna hii hazijui majira.

Tunakirudisha kitasa hadi 4, nusu hatua kwa siku, tukiangalia kinasa asubuhi baada ya kila hatua. Kimeandikwa kwenye kalenda ya maabara: kitasa kinakaguliwa upepo unapogeuka, Aprili au Mei, na tena Novemba au Desemba, na anayekigusa anaandika tarehe, namba ya zamani, namba mpya na joto la kona saa 24 baadaye. Kimefungwa kwa utepe ili asikisogeze mtu kwa kusikia joto mwilini mwake.

18 Juni

Kengele sasa ni zetu. Juu: 8.0 baada ya kutoa 0.6, dakika thelathini mfululizo. Chini: 1.5 kwenye kinasa cha kona, dakika kumi tu, bila huruma. Muda huo mfupi wa chini ni wa makusudi. Joto linatupa nafasi ya kufikiri. Kuganda kukishatokea hakuna barua kwa msambazaji itakayokurudisha nyuma. Ujumbe unaenda kwenye simu ya zamu, usipopokewa kwa robo saa unaenda kwa msimamizi.

Tulijaribu usiku wa Jumapili bila kumwambia wa zamu, kwa kukitia kichupa cha glikoli kwenye maji ya nyuzi 12. Simu ililia, alifika, akafungua folda na kufuata karatasi: asome kiwango cha juu na cha chini kabla ya kugusa chochote, aandike saa, ahamishe, abandike, asitupe. Kitu kimoja kilimkwamisha. Ufunguo wa friji ya chumba cha damu ulikuwa kwa mtu aliyekuwa amevuka feri kwenda kwao Likoni. Nakala ya ufunguo imetengenezwa.

Karatasi ya mlangoni imebaki, ila ina safu mpya mbili: cha juu kabisa na cha chini kabisa tangu usomaji uliopita, kisha alama kwamba kipimajoto kimefutwa ili kianze upya. Mtu akiandika 5 asubuhi, pembeni yake sasa lazima aandike 13.

Yaliyobaki wazi: ramani ya joto irudiwe Agosti wakati wa baridi ya kusi na tena Februari; kinasa chenye kosa la 0.6 kiende kalibresheni au kibadilishwe. Na ombi la friji ya daraja T, ambalo bado halijajibiwa.